Kwa nini mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa limfoma hupewa maji kwanza, dawa baadaye

Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda tangu asubuhi ya jana yake. Walikuwa wametoka upande wa Nyando na mvulana wake wa miaka 7, mwenye uvimbe kwenye taya na mwingine mkubwa zaidi tumboni, mgumu, unaoshikika kwa mkono. Majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye taya yalikuwa yamerudi: limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu. Nilipokuja kubadilisha chupa ya dripu akanishika mkono.

"Sista, mlisema huu ugonjwa unakua mbio. Basi mbona tangu jana mtoto anapewa maji tu?"

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Kisumu, na swali hilo nimeulizwa na akina mama wengi. Mtoto huyu nimebadilisha habari zake kidogo ili asitambulike, lakini hesabu nitakazozieleza ndizo tunazofanya kila mara. Nilimjibu mama kwa ufupi pale kitandani. Hapa nataka kumjibu kwa urefu.

Mama alikuwa sahihi kwamba ugonjwa unakua mbio. Limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huku kwetu kando ya ziwa, ambako malaria humrudia mtoto mara kwa mara, tunaiona kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya. Ila kasi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iwe dhaifu mbele ya dawa. Seli inayogawanyika bila kupumzika huuawa kwa urahisi na dawa zinazovuruga kugawanyika. Dozi ndogo tu ya kwanza inaweza kuua seli nyingi mno katika saa chache, na uvimbe uliokuwa umejaa tumboni ukaanza kulainika kabla ya siku ya tatu.

Hatari inaanzia hapo. Ugonjwa unapokufa, maiti za seli hazipotei hewani. Zinapasuka, na kila kilichokuwa ndani kinamwagika kwenye damu kwa mkupuo. Kwenye faili hali hii huandikwa TLS, kifupi cha Kiingereza cha tumour lysis syndrome. Sisi wodini tunamwambia mzazi kwamba uvimbe unavunjika haraka kuliko figo zinavyoweza kuzoa taka zake.

Kinachomwagika

Vitu vitatu ndivyo vinavyotukosesha usingizi. Cha kwanza ni potasiamu. Karibu potasiamu yote ya mwili hukaa ndani ya seli, na kwenye damu hubaki kidogo tu, kama milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Seli nyingi zikipasuka pamoja, kiwango cha damu hupanda, na kikipita 6 moyo unaweza kuanza kupiga ovyo. Hiki ndicho kinachoua kwa ghafla, wakati mwingine kabla mtoto hajalalamika chochote.

Cha pili ni fosfeti. Seli changa za limfoma na za lukemia, yaani saratani ya damu, zinaweza kuwa na fosfeti hadi mara nne ya seli za kawaida za aina hiyo. Ikimwagika huishika kalsiamu ya damu, na viwili hivyo hugeuka chembe ngumu zinazotua ndani ya figo. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima anaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Fikiria ukoko wa namna hiyo ndani ya vijibomba vya figo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Na kwa kuwa kalsiamu imetumika huko, kiwango chake kwenye damu hushuka. Mtoto anahisi midomo na vidole vikimchoma kama sindano, misuli inakaza, na hali ikizidi anapata degedege.

Cha tatu ni asidi ya yuriki, na hii yafaa tuikalie kidogo kwa sababu ndiyo tunayoweza kuizuia mapema. Inatokana na kiini cha seli, mahali penye vinasaba. Mwili hukivunja kiini hicho hatua kwa hatua hadi kwenye kitu kiitwacho zanthini, kisha kimeng'enya kimoja huigeuza zanthini kuwa asidi ya yuriki, na figo huitoa kwa mkojo. Shida ni kwamba asidi hii haiyeyuki vizuri. Weka kijiko kimoja cha chumvi kwenye kikombe cha maji, itayeyuka. Weka vijiko ishirini, nyingine itabaki chini hata ukoroge mchana kutwa. Mkojo wa mtoto aliyepungukiwa na maji ni kikombe kidogo, na uvimbe unaovunjika unatia vijiko bila kuhesabu. Asidi inaganda, vijibomba vinaziba, mkojo unapungua. Mkojo ukipungua, potasiamu na fosfeti nazo zinakosa pa kutokea, na hivyo shida moja inaivuta nyingine.

Kwa kawaida haya hutokea kati ya saa 12 na 72 baada ya dawa ya kwanza. Lakini katika Burkitt yanaweza kuanza hata kabla ya dawa, kwa kuwa uvimbe unaokua kwa kasi hiyo tayari una seli nyingi zinazokufa zenyewe. Mvulana wetu alifika akiwa na asidi ya yuriki ya mikromoli 540 kwa lita, wakati kiwango cha 476 ndicho tunachokichukulia kuwa cha hatari. Fosfeti yake ilikuwa ya kawaida. Hilo halikutushangaza. Kabla ya matibabu, seli mpya zinazozaliwa huzoa fosfeti ya zile zilizokufa na kuitumia tena. Dawa ikishaanza kuua zote pamoja, hakuna wa kuizoa.

Maji, na hesabu yake

Kinga ya kwanza ni kukikuza kile kikombe. Tunamjaza mtoto maji ili figo zitoe mkojo mwingi, mwepesi, unaopita kwa kasi, na taka zisipate nafasi ya kuganda. Kunywa tu hakutoshi, kwani mtoto mwenye uvimbe tumboni hutapika au hushiba baada ya vikombe viwili. Lazima iwe dripu, na lazima iwe na hesabu.

Kipimo ni lita 2 hadi 3 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mita ya mraba inapatikana kwa kuzidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, kugawanya kwa 3600, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Mvulana alikuwa na sentimita 115 na kilo 20:

```
115 × 20 ÷ 3600 = 0.64
√0.64 = 0.8
```

Mwili wake ulikuwa mita za mraba 0.8. Kwa lita 3, hiyo ni lita 2.4 kwa siku, yaani mililita 100 kila saa, mchana na usiku. Chupa ya nusu lita inaisha kwa saa 5. Mahali pasipo na pampu, mrija wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita unahitaji matone kama 33 kwa dakika, na mtu wa kuyahesabu kwa saa ya mkononi. Mtoto mzima wa kilo 20 asiye na ugonjwa huu angehitaji kama lita moja na nusu tu kwa siku. Ndiyo maana mama aliona ni maji mengi kupita kiasi.

Maji yenyewe pia huchaguliwa. Hayatiwi potasiamu hata tone, na hatutumii maji ya Ringa ambayo tumezoea kumpa mtoto anayehara, kwa sababu yana potasiamu na kalsiamu ndani yake. Mama alikuwa amekuja na ndizi mbivu na madafu mawili, zawadi ya shangazi wa mtoto. Ilinibidi nimwombe ayaweke kando kwa wiki hiyo. "Mama, ndizi na madafu yamejaa ile chumvi tunayoikimbia. Mpe uji, mpe wali, hayo mengine atakula tukishapita hapa." Parachichi, machungwa na maharagwe niliyaweka kwenye kundi hilo hilo. Nilimwuliza pia, bila kumkaripia, kama kuna dawa ya mitishamba anayompa, kwa kuwa nyingine huumiza figo na kwa wakati huu hatuwezi kubahatisha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo zilizuiwa, maana hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Yako mambo mawili yaliyofanyika kimya kimya ambayo mzazi huenda asiyaone. Alipigwa picha ya ultrasaundi kuangalia kama uvimbe umebana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Ukiwa umeibana, kumwaga lita mbili na nusu ndani ya mtoto ni kujaza tangi lililofungwa mlango. Yake haikuwa imebanwa. Na daktari aliuliza mapema kabisa kuhusu mashine ya kusafisha damu: iko wapi, inafanya kazi, na inaweza kumhudumia mtoto mwenye uzito huu? Kwa maoni yangu swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya dozi ya kwanza, si usiku wa manane potasiamu ikiwa 7.

Kidonge, na dawa ya bei kubwa

Pamoja na maji, mtoto alianzishwa alopurinoli. Kidonge hiki wengi wanakijua kama dawa ya jongo. Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988, walikitengeneza wakitafuta namna ya kuzuia dawa moja ya lukemia isivunjwe haraka mwilini, kisha ikaonekana kinashusha asidi ya yuriki. Kazi yake ni kukizuia kile kimeng'enya kinachogeuza zanthini. Dozi ya mvulana ilikuwa miligramu 10 kwa kilo kwa siku, jumla 200, tukampa kidonge cha miligramu 100 asubuhi na kingine jioni.

Lakini ni lazima kueleweka kisichoweza. Alopurinoli hufunga bomba linaloleta asidi mpya, haiondoi ile iliyokwisha kutengenezwa. Ile 540 aliyokuja nayo ingetoka kwa mkojo tu, polepole, na kidonge chenyewe huchukua siku mbili tatu kuonyesha nguvu kamili. Hii ndiyo sababu hasa ya ile siku ya "maji tu": kidonge kinahitaji kutangulia. Tena hakigusi potasiamu wala fosfeti. Nimewahi kuona mtoto akipewa alopurinoli vizuri huku dripu imekauka usiku kucha, na asubuhi hakuna aliyeelewa kwa nini figo zimechoka. Kidonge bila maji hakimlindi mtoto.

Ipo dawa nyingine, rasburikesi, inayotolewa kwa mshipa. Hiyo huigeuza asidi ya yuriki iliyoko tayari kuwa kitu kingine kinachoyeyuka kwa wepesi zaidi, na kiwango hushuka ndani ya saa chache. Bei yake ni kubwa sana na si kila hospitali inayo. Na hata ikiwapo, huku kwetu ina mtego. Watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao ni wa kurithi na umeenea zaidi mahali palipokaliwa na malaria vizazi na vizazi, chembe zao hizo zinaweza kupasuka wakipewa dawa hii. Kwa hiyo kipimo cha G6PD kinatangulia. Mtego wa pili uko maabara: dawa huendelea kufanya kazi ndani ya kichupa cha damu, hivyo sampuli isipowekwa kwenye barafu mara moja, jibu litasema asidi imeshuka kumbe kwenye mwili haijashuka.

Zamani watoto hawa walitiwa pia soda bikabonati kwenye dripu ili mkojo uwe na hali ya alkali, kwa kuwa asidi ya yuriki huyeyuka vizuri humo. Kwa kawaida hatufanyi hivyo tena. Kinachosaidia asidi ya yuriki kuyeyuka kinasaidia ule ukoko wa fosfeti na kalsiamu kuganda. Maji mengi ya kawaida yanatosha bila madhara hayo.

Mchana wa siku ya pili dawa zikaanza, kwa dozi ndogo za utangulizi: siklofosfamidi, vinkristini na prednisoloni. Zile kali zaidi husubiri wiki moja. Utangulizi huu una makusudi ya kuuvunja uvimbe kwa awamu ili figo zipate kupumua. Kusubiri zaidi ya hapo kungekuwa kosa la upande wa pili, maana kwa Burkitt siku tatu za kungoja zinaweza kukuletea uvimbe mkubwa kuliko uliouanza nao.

Hapo kwenye prednisoloni nisimame kidogo. Dawa hii, pamoja na dada yake deksamethasoni, hupatikana kirahisi na hutolewa kwa pumu, mzio, hata uvimbe wa shingo usiojulikana ni wa nini. Kwa limfoma na lukemia ni dawa ya saratani kamili. Mtoto mwenye lukemia ambayo haijagunduliwa akipewa vidonge hivyo kwa "kifua", seli zinaweza kuanza kupasuka akiwa nyumbani, bila dripu, bila alopurinoli, bila mtu anayepima mkojo. Tezi zilizovimba, mtoto amepauka, homa haziishi: hapo prednisoloni isubiri hesabu ya damu. Kwa lukemia tunaogopa zaidi chembe nyeupe zinapozidi 100,000 kwa mikrolita.

Saa ya 14

Lengo la mkojo kwa mtoto huyu lilikuwa mililita 64 hadi 80 kila saa, yaani 80 hadi 100 kwa kila mita ya mraba. Mama alikabidhiwa jagi lenye alama na akaambiwa asimwage kitu kabla hatujapima. Kwa mtoto wa nepi tungepima nepi kwenye mizani, kavu kisha iliyolowa, na kila gramu iliyozidi tungeihesabu mililita moja. Mkojo wenyewe uliandikwa kila saa, uzito mara mbili kwa siku, damu ikapelekwa maabara kila baada ya saa 6.

Usiku ule, saa 14 baada ya dawa ya kwanza, karatasi ilisomeka 70, 72, kisha 30, kisha 22. Mama ndiye aliyeniita. "Sista, njoo uone jagi. Amelala, lakini hata jana akilala alikuwa anajaza."

Mkojo ukipungua namna hiyo kuna njia mbili, na kuchagua vibaya ni hatari. Ama maji hayatoshi ndani ya mtoto, na hapo anahitaji zaidi. Ama yameingia yakakwama, na hapo ukimwongezea utamzamisha mapafu. Mizani ndiyo iliyoamua. Alikuwa na kilo 21.1, yaani kilo 1.1 zaidi ya alipolazwa, kope zimevimba kidogo, midomo haijakauka, mapafu bado safi. Maji yalikuwa ndani. Daktari alirudia kuhakikisha tumbo la chini halijajaa kibofu kilichoziba, kisha akaagiza furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, miligramu 20 kwa mshipa, na dripu iendelee kwa kasi ile ile. Kama uzito ungekuwa haujapanda, furosemaidi ingemkausha na kuharakisha kuganda.

Majibu ya damu yaliyofuata: potasiamu 5.7, asidi ya yuriki 590, fosfeti 2.6 badala ya chini ya 2.1, kalsiamu 1.85, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, 66 kutoka 48. Vipimo viwili vikishavuka mipaka, kitabuni hiyo tayari ni TLS ya maabara. Bado haikuwa ile ya kitandani, yenye figo zilizoshindwa, moyo unaoruka au degedege. Potasiamu tuliichukua upya, kwa sindano iliyoingia vizuri na sampuli iliyokimbizwa, kwa sababu damu iliyovutwa kwa shida au kukaa muda mrefu hupasuka chembe na kutoa jibu la uongo la juu. Safari hii ilikuwa 5.6, basi ni ya kweli. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa sawa.

Kalsiamu yake ilikuwa chini, na mwanafunzi aliyekuwa zamu aliuliza kwa nini hatumwongezei. Nilipenda swali lake. Fosfeti ikiwa juu, kila kalsiamu unayotia ni saruji mpya kwa ule ukoko wa figo. Huongezwa pale tu mtoto anapokaza misuli au kupata degedege, au potasiamu inapotishia moyo na kalsiamu ikahitajika kuukinga kwa dakika chache huku insulini pamoja na glukosi zikiirudisha potasiamu ndani ya seli.

Saa moja baada ya furosemaidi jagi lilikuwa na 95. Iliyofuata, 110.

Kama furosemaidi isingefanya kazi, mashine ya kusafisha damu ndiyo iliyokuwa inafuata, endapo mkojo ungekatika, potasiamu ingekataa kushuka, au maji yangeanza kujaa kifuani. Ile njia ya kusafishia tumboni haimfai mtoto ambaye tumbo lenyewe limejaa uvimbe. Na kwa TLS mara moja mara nyingi haitoshi, kwani seli zinaendelea kupasuka na fosfeti hurudi juu ndani ya saa chache, hivyo inaweza kuhitajika kila siku kwa siku kadhaa. Habari ya kumpa mzazi hapo ni kwamba figo zilizozibwa namna hii mara nyingi huamka tena taka zikiisha, tofauti na mgonjwa wa kisukari aliyeharibikiwa figo, anayesafishwa damu maisha yake yote.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu dawa ianze, potasiamu ilikuwa 4.3 na asidi ya yuriki 410. Fosfeti ilichelewa hadi siku ya nne. Taya lilikuwa limepungua kiasi kwamba aliweza kufunga mdomo, na mkono wangu haukukuta tena ule ukingo mgumu tumboni. Siku ya tano dripu tuliipunguza kwa nusu, na siku ya sita tukaiondoa, baada ya vipimo viwili mfululizo kutulia bila furosemaidi. Siku hiyo mama aliosha jagi, akalirudisha dawatini pamoja na karatasi aliyokuwa akiandika mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyekundu, saa kwa saa, akaniuliza kama sasa mtoto anaweza kula ndizi.

Nilimwambia nusu kwanza, na kesho tupime tena.